Mwendo wa Sauti Penye Baridi

Mwalimu Naftaly Mwirigi alikuwa amefundisha fizikia katika shule ya Kaaga, Meru, kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote hakuna mwanafunzi aliyewahi kusema kwamba mwalimu huyu alimdanganya. Aliweza kumchapia mtu maneno makali, aliweza kumrudishia daftari mara tatu, lakini jambo la uongo hakuwa nalo. Hata walimu wenzake walipobishana juu ya hesabu fulani chumbani mwao, walimalizia kwa kusema, "Mngojeni Mwirigi."

Julai ya mwaka 1996 aliitwa Embu kusahihisha mtihani wa shindano la sayansi. Shindano hilo liliandaliwa na kamati ya walimu na wafadhili, na mwaka huo zawadi yake haikuwa ya kawaida: nafasi moja, yenye kulipiwa kila kitu, katika chuo cha Nairobi kinachofundisha watu kupanga safari za ndege. Si urubani. Ni kazi ya yule anayekaa chini na kumwandalia rubani njia, mafuta na saa za kufika. Wanafunzi thelathini wa kidato cha nne, kutoka upande wa Meru na wa Embu, walifanya karatasi moja asubuhi ya Jumamosi. Mchana wa siku hiyohiyo wasahihishaji watatu waliketi katika maktaba ya shule iliyowakaribisha, wakagawana karatasi zenye nambari badala ya majina.

Mmoja wa watahiniwa hao alikuwa Kiende, binti wa marehemu kaka yake, Salesio. Mwirigi alimlea tangu akiwa na miaka sita. Kaka yake alipokuwa mgonjwa kule Kanyakine alimshika mkono akamwambia maneno machache tu: "Huyu asome." Mwirigi aliitikia, na tangu siku hiyo neno hilo lilikaa kifuani mwake kama deni lisilo na tarehe. Sheria ya kamati ilimtaka msahihishaji aseme kama ana jamaa miongoni mwa watahiniwa. Kiende alitumia jina la baba yake, akasoma shule nyingine, wala hakuna aliyeuliza. Mwirigi naye hakusema. Alijiambia kwamba karatasi zina nambari, na nambari haina jamaa.

Lakini mkono wa mtu una sura yake. Alipofungua karatasi nambari tisa aliona tarakimu ya saba imekatwa katikati kwa kistari kifupi, namna alivyomfundisha mwenyewe mezani nyumbani ili saba isifanane na moja. Akaisahihisha kwa haki. Kiende alikuwa amefanya vizuri sana.

Swali la kumi na mbili ndilo lililokuwa la mwisho, na lilikuwa na alama nane. Liliuliza hivi: ndege ya abiria inasafiri kwa mwendo wa Mach 0.84 katika kimo cha mita elfu kumi na moja. Tafuta mwendo huo kwa kilomita kwa saa. Mwanzoni mwa karatasi kulikuwa na maelezo kwamba Mach moja ni mwendo wa sauti katika hewa ileile ndege inamopita, na kwamba sauti husafiri mita 340 kwa sekunde penye joto la nyuzi 15. Nyuma ya karatasi kulikuwa na jedwali la joto la hewa kwa kila kimo.

Kiende alizidisha 0.84 kwa 340, akapata mita 285.6 kwa sekunde. Akazidisha kwa 3.6, akaandika kilomita 1,028 kwa saa. Skimu ya kusahihishia, iliyotungwa na mwenyekiti wa kamati, Bwana Njagi, ilisema vivyo hivyo: 1,028. Alama nane.

Mwirigi alikaa na kalamu mkononi. Alijua papo hapo kwamba jibu lile si sahihi. Mita 340 ni sauti ya hapa chini, penye joto. Huko juu hewa ina baridi ya nyuzi 56 chini ya sifuri, na katika hewa ya baridi sauti hupunguza mwendo. Mach 0.84 ya huko juu ni sehemu ya mwendo mdogo zaidi. Alifikiri kumwita Njagi. Kisha akaona kwamba karatasi zote alizokwisha kusahihisha zilikuwa na 1,028, au zilikuwa hazina kitu. Akajiambia: kama wote wamekosea sawasawa, hakuna aliyeonewa. Akaandika nane.

Alikuwa amebakiza karatasi mbili alipomsikia Mwalimu Ngari, aliyeketi mbele yake, akiguna.

"Mwirigi, hebu nitazamie hii," Ngari alisema. Alikuwa mwalimu wa kemia, mtu mpole, mwepesi wa kukiri asichokijua. "Nambari kumi na nne. Ameleta 892. Lakini kazi yake si ya kubahatisha. Hebu ona."

Akasukuma karatasi mezani. Mwandiko ulikuwa mdogo, wa mtu aliyezoea kubana daftari lisiishe. Mtahiniwa alikuwa amegeuza karatasi, akasoma jedwali, akachukua nyuzi 56 chini ya sifuri na kuzifanya 217 kwa kipimo cha Kelvin. Nyuzi 15 akazifanya 288. Akagawa 217 kwa 288, akatafuta kipeuo cha pili, akakizidisha kwa 340. Sauti ya huko juu ikatoka mita 295 kwa sekunde. Asilimia themanini na nne ya hiyo ni karibu mita 248. Mara 3.6, kilomita 892 kwa saa. Chini yake alikuwa ameandika sentensi moja: "Mach haina kilomita zake yenyewe, inategemea joto la mahali ilipo ndege."

Mwirigi aliisoma sentensi hiyo mara mbili. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akingoja mwanafunzi wa kuandika sentensi ya namna hiyo.

"Wewe ndiye mtu wa fizikia," Ngari alisema. "Hii ni kweli au si kweli? Kwa skimu nampa mbili, za kubadilisha mita kuwa kilomita. Lakini nikimpa mbili atabaki na sabini na saba. Nikimpa nane zote atakuwa na themanini na tatu."

Kiende alikuwa na themanini na moja. Mwirigi hakuhitaji kalamu kulijua hilo.

Njagi, msahihishaji wa tatu, aliyekwisha kumaliza karatasi zake na sasa alikuwa dirishani akipanga vyeti, aligeuka. "Kuna shida?"

"Ni swali la ndege," Ngari alijibu. "Tunamsikiliza Mwirigi."

Wote wawili wakamtazama. Haikuwa muda mrefu. Labda ni muda wa mtu kuvuta pumzi na kuitoa. Katika muda huo Mwirigi alimwona kaka yake pale kitandani Kanyakine, akamwona Kiende akikata saba zake kwa kistari, akamwona pia huyo mtu wa nambari kumi na nne, asiye na sura, ameinama juu ya jedwali lile la nyuma.

"Tufuate skimu," akasema.

Ngari akaandika mbili.

Matokeo yalisomwa jioni ya siku hiyo, katika bwalo. Kiende alitajwa wa kwanza, watu wakapiga makofi, naye akaenda mbele kwa furaha. Wa pili alikuwa Nelius Igoki, wa shule ya kutwa huko Kanja. Alipewa kamusi na kalamu mbili. Alikuwa msichana mwembamba, mwenye sweta iliyotiwa viraka viwikoni kwa uzi wa rangi nyingine kidogo. Alishukuru, akarudi kukaa.

Watu walipokuwa wakitawanyika, alimfuata Mwirigi uani.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimeambiwa wewe ni wa fizikia."

"Marahaba. Ndiyo."

"Naomba kuuliza. Lile swali la kumi na mbili, jibu lake lilikuwa ngapi?"

Mwirigi alitazama huku na huku. Kiende alikuwa mbali kidogo, amezungukwa na wenzake. "Elfu moja na ishirini na nane," akasema.

Msichana akahesabu kichwani. Mara uso wake ukabadilika. "Hiyo ni ya mia tatu na arobaini. Kwa hivyo lile joto la kule juu halihesabiwi?"

Angeweza kusema hata pale. Miaka mingi baadaye hilo ndilo lililomchoma kuliko yote: kwamba pale uani hapakuwa na Njagi wala Ngari wala skimu. Walikuwa wawili tu, mwalimu na mtu anayetaka kujua.

"Halihesabiwi," akajibu.

"Mimi nililihesabu," Nelius alisema, akacheka kidogo kwa aibu. "Nilidhani ndiyo sababu wametupa jedwali. Asante, Mwalimu."

Akaenda zake.

Kiende aliingia chuoni Januari. Mwirigi alimsindikiza, akamnunulia sanduku na viatu, na aliporudi nyumbani alimwambia mama yake mzee kwamba kazi aliyoachiwa na Salesio imekwisha. Barua za kwanza za Kiende zilikuwa ndefu, zimejaa majina ya vyombo na ya miji. Kisha Februari zikawa fupi. Kisha hazikuja.

Alikuja mwenyewe wakati wa Pasaka. Alimsalimu nyanya yake, akala, akamsaidia kuosha vyombo. Baadaye akatoka nje alikokuwa Mwirigi akikatia ng'ombe majani, akasimama mbele yake. Tangu utotoni alimwita Baba; jina la Baba Mdogo lilikuwa limesahaulika siku nyingi.

"Baba, nataka kukuuliza juu ya lile shindano."

Mwirigi aliendelea kukata. "Uliza."

"Wiki ya tatu ya muhula mkufunzi alituandikia ubaoni safari ya Nairobi kwenda London. Kilomita elfu sita mia nane na arobaini. Ndege inakwenda kwa Mach 0.84, kimo cha mita elfu kumi na moja, upepo hakuna. Akauliza itachukua saa ngapi. Nilikuwa wa kwanza kunyosha mkono, maana hesabu hiyo ndiyo iliyonipeleka pale. Nikasema kilomita elfu moja na ishirini na nane kwa saa. Safari ni saa sita na dakika arobaini."

Mwirigi aliuweka upanga chini.

"Akaniuliza nimetoa wapi hiyo. Nikamwambia. Akasema, 'Dada, huko juu ni mia nane tisini na mbili. Safari ni saa saba na dakika arobaini. Umempa rubani mafuta yaliyopungua saa nzima. Akiba yake ataila akiwa bado njiani, na abiria mia mbili wamelala nyuma yake.' Darasa zima likacheka. Mimi sikujali kucheka kwao. Nilikuwa nawaza: wale wasahihishaji watatu, mmoja ni Baba. Na Baba ndiye aliyenifundisha kwamba sauti hupungua penye baridi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Uligonga debe pale kwenye bonde, tukasikiliza mwangwi wake, ukaniambia sauti ya asubuhi na ya mchana haziendi sawa. Mimi nilisahau siku ya mtihani. Wewe hukusahau."

"Sikusahau," Mwirigi alisema.

"Kuna mtu aliyepata?"

Alitamani aulizwe swali jingine lolote. "Mmoja."

"Nani?"

"Yule wa pili. Wa Kanja."

Kiende alikaa chini juu ya majani yaliyokatwa. Mwirigi akaanza kumweleza: skimu, Njagi, maneno ya Salesio. Alieleza kwa muda mrefu. Alipomaliza, Kiende aliinuka akajipangusa sketi.

"Usimtaje baba yangu," akasema. "Yeye alisema nisome. Hakusema uninyang'anyie mtu kiti. Sasa nikiacha chuo, kile kiti hakimrudii yule msichana, kinabaki kitupu. Nikibaki, kila siku nakalia kitu cha mtu. Umenifanyia nini, Baba?"

Aliondoka kesho yake asubuhi, siku nne kabla ya likizo kwisha. Chuo hakukiacha. Lakini barua zake, zilipokuja, zilikuwa za nyanya.

Juma lililofuata Mwirigi alimwandikia Njagi, akaeleza kosa la swali na la kwake mwenyewe, pamoja na udugu alioficha. Njagi hakumjibu kwa barua, alimwita Embu. Alimpokea vizuri, akafunga mlango wa ofisi.

"Mwalimu, barua yako nimeisoma. Na nimemuuliza mtu wa chuo kikuu. Ni kweli, skimu ilikosea," Njagi alisema. "Lakini unataka nifanye nini? Wafadhili wametoa pesa, msichana yuko chuoni, na mimi nasikia anafanya vizuri. Nikifungua jambo hili, mwaka huu hakuna shindano. Watoto wengine thelathini wamekosa. Unaona?"

"Naona mtoto mmoja aliyekosa tayari."

"Na nani aliyemkosesha? Ngari anakumbuka vizuri. Alikuuliza." Njagi alisema bila ukali, karibu kwa huruma. "Hata hivyo swali tumelirekebisha. Mwaka huu litatoka bila utata."

"Mmeweka 892?"

"Tumeondoa lile jedwali. Na kimo pia. Tumeacha mia tatu na arobaini peke yake. Jibu linabaki lilelile, skimu haibadiliki, na hakuna mtu wa kujichanganya."

Mwirigi alitoka ofisini humo akiwa hana hata neno la hasira. Angekasirika kwa haki gani? Yule mtu alikuwa amefanya mara ya pili, kwa karatasi safi na mhuri, jambo ambalo yeye alilifanya mara ya kwanza kwa maneno mawili.

Hakurudi Meru. Alikwenda Kanja. Mvua za masika zilikuwa zimeshika, barabara imekuwa tope jekundu, naye akauliza njia mara tatu kabla ya kuonyeshwa shamba la kina Igoki. Nelius alikuwa akipalilia maharagwe pamoja na mama yake, Ciakuthii. Alimtambua mgeni mara moja, akaja akipangusa mikono.

"Mwalimu wa fizikia! Mama, huyu ni wa lile shindano."

Ciakuthii alimkaribisha, akaagiza kiti kiletwe kibarazani. Mwirigi alikataa kukaa. Alijua kwamba akikaa ataanza kuzungumza habari za mvua.

"Nelius, nilikudanganya," akasema. "Siku ile uani. Joto huhesabiwa. Jibu lako ndilo lililokuwa sahihi. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu aliyeshinda ni binti wa kaka yangu."

Mama yake hakuelewa yote, maana mambo ya Mach hayakuwa yake, lakini alielewa sehemu ya mwisho. Aliacha kutabasamu.

Nelius alitazama mkono wake wa kulia, akikung'uta udongo kidole baada ya kidole. "Mia nane tisini na mbili," akasema.

"Ndiyo. Na hatua zote."

"Hatua zote. Unajua mtihani wa mwisho ulileta swali la sauti? Mwezi wa kumi na moja. Mtu amesimama mbele ya jabali, asubuhi yenye baridi, wakatoa nyuzi za joto. Mkono wangu ulitaka kuhesabu baridi. Nikauzuia. Nikajiambia, usijifanye mjuaji, mwalimu mkubwa amekwambia halihesabiwi. Nikatumia mia tatu na arobaini."

"Wala si swali lile moja," Nelius aliendelea. Sauti yake haikupanda. "Kila swali nilipoona jambo ambalo wengine hawajaliona, nilifikiri ni mimi niliyekosea. Nilifuta. Nilikuwa nafuta majibu, Mwalimu. Nilikosa kuitwa chuo kikuu kwa alama mbili."

"Rudia mtihani," Mwirigi alisema haraka. Hilo ndilo alilokuja nalo, ndilo pekee alilokuwa nalo. "Nitakutafutia shule. Karo ni yangu. Nitakufundisha mwenyewe, kila wikendi nitakuja hapa mpaka siku ya mtihani. Una kichwa ambacho sijakiona kwa miaka ishirini."

"Ulikiona," Nelius alisema. "Julai."

Ciakuthii alimwuliza bintiye kitu kwa Kiembu, naye akamjibu kwa maneno machache. Mama akatikisa kichwa polepole. Kisha akamgeukia mgeni.

"Mwalimu, mimi sikusoma," alisema kwa Kiswahili cha kutafuta maneno. "Huyu alirudi kutoka Embu akaniambia, mama, nilikosea. Nilimwambia, basi, jaribu tena. Sasa wewe unakuja kusema hakukosea. Nimwambie nini mimi?"

"Kuhusu kufundishwa, asante," Nelius alisema. "Lakini sitaweza. Ukiniambia jambo itanibidi nikalihakikishe kwingine kabla sijaliamini. Hiyo si kusoma. Nikirudia, nitarudia na watu wengine, na karo nitatafuta mwenyewe, hata ikichukua miaka mitatu."

Akaokota jembe lake, akamuaga mgeni kwa adabu, kama anavyoagwa mwalimu yeyote, akarudi kwenye mistari ya maharagwe. Mvua nyembamba ilianza kunyesha. Hakuikimbia.

Ciakuthii aliingia jikoni, akakaa humo kitambo, akatoka na kikombe cha chai ya maziwa. Alimpa kwa mikono miwili, maana hakuwa mtu wa kumwacha mgeni aondoke na njaa. Lakini hakuketi naye. Alichukua jembe la pili, akamfuata bintiye shambani, na Mwalimu Naftaly Mwirigi akabaki amesimama peke yake kibarazani mwa watu, akiinywa chai ile mpaka mwisho kwa kuwa hakujua angeiweka wapi.